Baki Juu ya Baki: Kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika

Chukua namba mbili, 8633 na 8051, utafute kigawo chake kikubwa cha shirika kwa njia tuliyofundishwa shule ya msingi, yaani kuvunja kila namba hadi zibaki namba tasa. Unaanza na 2, lakini zote mbili ni witiri. Unajaribu kugawa 8051 kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 11, na kila mara kunabaki kitu. Unapita 31, unapita 47, unapita 61. Kufikia hapo wanafunzi wengi watakuwa wameshaandika kwamba jibu ni 1 na kufunga daftari. Ni kwenye namba tasa ya 23, ambayo ni 83, ndipo 8051 inapokubali: 83 × 97. Ukiwa mjanja huanzi upya na 8633. Unaijaribu kwa 83 na kwa 97 tu. Ya kwanza inakataa, ya pili inakubali, kwa kuwa 8633 ni 89 × 97. Kigawo kikubwa cha shirika, au KKS kwa kifupi, ni 97.

Jibu ni sahihi, ila njia ni ndefu kuliko swali. Tuliulizwa namba hizi mbili zina nini cha pamoja. Sisi tukaenda kuchimba kila kilichomo ndani ya moja yake, kisha tukalinganisha. Kwa 12 na 18 hilo halina shida. Kwa namba zenye tarakimu nne limekula karibu ukurasa mzima. Kwa namba zenye tarakimu mia sita, hakuna kompyuta duniani inayojulikana kuweza kumaliza uchimbaji huo, ikiwa namba tasa zilizomo zimechaguliwa vizuri.

Sasa fanya hivi. Gawa kubwa kwa ndogo, uchukue baki. Kisha gawa ile ndogo kwa baki, uchukue baki jipya. Endelea hivyo hivyo, kila mara ukigawa kilichogawa kwa kilichobaki, mpaka kusibaki kitu.

```
8633 =  1 × 8051 + 582
8051 = 13 × 582  + 485
 582 =  1 × 485  + 97
 485 =  5 × 97   + 0
```

Namba ya mwisho iliyogawa bila kuacha baki ni 97. Tumegawa mara nne, na hatukuhitaji kujua kama kuna namba inayoitwa 83 wala 89. Zimebaki zimejificha, na jibu tumelipata.

Njia hii imeandikwa katika kitabu cha saba cha mkusanyo wa Euklidi, mwanahisabati aliyefanya kazi Aleksandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Yeye hakuieleza kwa kugawanya bali kwa kutoa: toa ndogo kutoka kwa kubwa, tena na tena, mpaka zilingane. Ni jambo lile lile, kwa kuwa kugawanya ni kutoa kwa mkupuo. Tofauti inaonekana pale namba zinapopishana sana kwa ukubwa. Ukiwa na 1,000,000 na 1, kutoa kutakuchosha karibu mara milioni nzima, ilhali kugawanya ni mara moja na baki ni sifuri.

Kwa nini inafanya kazi? Turudi kwenye mstari wa kwanza. Baki 582 ni 8633 ukitoa 8051. Namba yoyote inayogawa 8633 na 8051 bila baki lazima igawe pia tofauti yake, kwa hiyo inagawa 582. Na kinyume chake ni kweli pia: namba yoyote inayogawa 8051 na 582 itagawa jumla yake, ambayo ni 8633. Kwa hiyo vigawo vya shirika vya jozi ya kwanza na vya jozi ya pili ni vile vile, bila kuongezeka wala kupungua hata kimoja. Katika mstari wa pili 582 imeingia mara 13 badala ya mara moja, lakini hoja haibadiliki, kwa kuwa kinachogawa 582 kinagawa pia 582 mara 13. Tumebadilisha namba tunazozishika mkononi, ila swali limebaki lile lile. Mwishoni tunashika 97 na 0. Sifuri inagawanyika kwa kila namba bila baki, hivyo kigawo kikubwa cha shirika cha 97 na 0 hakiwezi kuwa kingine ila 97 yenyewe.

Kwamba kazi itaisha si jambo la kubahatisha. Baki siku zote ni dogo kuliko kilichogawa, na haliwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo namba zinashuka mpaka zikose pa kushukia.

Kuiandika njia hii kwa lugha ya kompyuta ni kazi ya mistari minne. Hapa nimetumia Python, ambako alama ya `%` maana yake ni baki.

```python
def kks(a, b):
    while b != 0:
        a, b = b, a % b
    return a
```

Hiki ni kitanzi. Neno `while` linasema: maadamu `b` si sifuri, rudia. Ndani yake kuna mstari mmoja tu, nao ndio wenye uzito wote. Nafasi ya `a` inachukuliwa na `b` ya zamani, na nafasi ya `b` inachukuliwa na baki. Hakuna haja ya kupanga kwanza ipi kubwa ipi ndogo. Ukiingiza 8051 na 8633, hatua ya kwanza itagawa 8051 kwa 8633, ambayo inaingia mara sifuri na kuacha baki 8051, na jozi itajigeuza yenyewe kuwa 8633 na 8051. Umepoteza mzunguko mmoja, basi.

Mahali watu wanapoumia ni kwenye ule mstari mmoja. Wengi wanauvunja mara mbili ili usomeke kwa urahisi:

```python
a = b
b = a % b
```

Kosa limeshaingia. Mstari wa pili unapofanya kazi, `a` si ile ya zamani tena. Imeshakuwa sawa na `b`. Namba ikigawanywa kwa yenyewe haiachi baki, kwa hiyo `b` inakuwa sifuri mara moja na kitanzi kinafunga. Ukiuliza KKS ya 8633 na 8051 unajibiwa 8051. Kompyuta hailalamiki wala haitoi onyo, kwani kila mstari peke yake ni halali. Dalili yake ni kwamba jibu linakuwa namba ya pili uliyoingiza, maadamu si sifuri. Ubaya ni kwamba jaribio jepesi haliwezi kukuonyesha: ukipima kwa 12 na 4 utapata 4, ambalo ni jibu sahihi, na utaridhika. Kwa hiyo pima kwa jozi ambayo moja haigawi nyingine, mfano 12 na 18. Katika lugha zisizoruhusu kubadilisha vitu viwili kwa pamoja, hifadhi kwanza baki kwenye kigeu cha tatu, ndipo uhamishe.

Kuna namna nyingine ya kuandika, na kwangu mimi ndiyo inayofanana zaidi na hoja ya Euklidi:

```python
def kks(a, b):
    if b == 0:
        return a
    return kks(b, a % b)
```

Hapa hakuna kitanzi. Funksheni inajiita yenyewe. Isome kama sentensi: ikiwa `b` ni sifuri, jibu ni `a`, kama sivyo, jibu ni KKS ya `b` na baki. Hicho ndicho tulichokithibitisha hapo juu, kwamba jozi ya zamani na jozi mpya zina kigawo kikubwa kimoja. Aliyeelewa hoja ameshaielewa programu. Tena lile kosa la kupanga mistari halina pa kuingilia, kwani hakuna kigeu kinachofutwa na kuandikwa upya. Kila mwito una `a` yake na `b` yake.

Kwa namba zetu, miito inafuatana hivi:

```
kks(8633, 8051)
kks(8051, 582)
kks(582, 485)
kks(485, 97)
kks(97, 0)
```

Wa mwisho unakuta sifuri na kurudisha 97. Aliyemwita anaipokea na kuirudisha kwa aliyemwita yeye, na hivyo hivyo hadi juu, bila mtu kuiongeza wala kuipunguza. Fikiria ofisi ambayo karani anapokea faili, anafanya hesabu moja, anampa karani wa meza inayofuata, kisha anakaa akisubiri jibu ili alipeleke alikotoka. Meza zote zimekaliwa mpaka faili lirudi. Katika kitanzi karani ni mmoja, anafuta namba za zamani na kuandika mpya kwenye karatasi ile ile.

Kama meza ni tano, tofauti hiyo haina maana yoyote. Swali ni zinaweza kufika ngapi.

Kwanza, mabaki yanashuka kwa kasi kuliko mtu anavyodhani. Kila baada ya hatua mbili, namba kubwa inapungua hadi chini ya nusu yake. Sababu ni rahisi. Ikiwa inayogawa haizidi nusu ya inayogawanywa, basi baki liko chini ya nusu, kwa kuwa ni dogo kuliko inayogawa. Ikiwa inayogawa inazidi nusu, basi inaingia mara moja tu, na kinachobaki ni pungufu ya nusu. Kwa hiyo hata namba ya mamilioni haichukui muda kuisha.

Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kiwango ambacho hatua haziwezi kukizidi: idadi ya kugawanya haipiti mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Tulikuwa na 8051, tarakimu nne, hivyo zisingezidi 20, zilitosha nne. Jozi zinazochosha kuliko zote ni zile za mfuatano wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Jaribu 89 na 55. Mabaki yatakuwa 34, 21, 13, 8, 5, 3, 2, 1, kisha 0: mara tisa kwa namba zenye tarakimu mbili. Kila mara inayogawa inaingia mara moja tu, isipokuwa mwishoni, kwa hiyo baki linapungua kwa shida. Kwa jozi za kawaida zilizookotwa tu, wastani ni takriban hatua mbili kwa kila tarakimu.

Sasa tuzipeleke namba mahali ambapo tofauti ya meza inauma. Tovuti nyingi zinazoanza na `https` zimetumia kwa miaka mingi ufunguo wa aina ya RSA. Sehemu ya ufunguo huo iko wazi kwa kila mtu, nayo ni namba moja kubwa sana iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Namba tasa zenyewe ni siri. Ufunguo wa biti 2048 una namba yenye tarakimu 617, na usalama wake unategemea kwamba hakuna anayeweza kuivunja kurudi kwenye zile mbili. Ni lile zoezi la kujaribu 2, 3, 5, 7, ila limekuzwa mpaka halina mwisho, hata kwa mbinu zilizo bora kuliko zile za ubaoni.

Lakini tazama tena 8633 na 8051. Tuseme ni funguo za watu wawili tofauti. Kila moja peke yake ni ngumu kuvunja. Ila waliozitengeneza wameokota namba tasa moja inayofanana, 97. Mtu yeyote anayeziona zote mbili anatafuta KKS, anapata 97, kisha anagawa: 8633 kwa 97 ni 89, na 8051 kwa 97 ni 83. Funguo zote mbili zimevunjika kwa mara nne za kugawanya, na hakuna aliyevunja namba yoyote kwa nguvu.

Hili halikubaki katika vitabu. Mwaka 2012 kundi la watafiti akiwamo Nadia Heninger, na kundi lingine lililoongozwa na Arjen Lenstra, yalikusanya mamilioni ya funguo za wazi kutoka mtandaoni na kutafuta vigawo vya shirika kati yake. Hawakuzipima jozi moja moja, kwani jozi zingekuwa nyingi mno. Kundi la Heninger lilitumia mbinu ya kuzidisha funguo nyingi pamoja kwanza. Kundi la Heninger lilipata funguo za siri za karibu nusu asilimia ya mashine za `https` walizozipima. Nyingi zilikuwa vifaa vya mtandao kama ruta, vilivyotengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa kwa mara ya kwanza, kabla havijapata chochote cha kubahatisha nacho. Vifaa viwili vya aina moja vikaanza na bahati ile ile na kuokota namba tasa ya kwanza inayofanana, kisha vikaachana kwenye ya pili. Hiyo ndiyo hali pekee ambayo KKS inaweza kuifichua, na ndiyo iliyotokea. Laiti vingefanana kwenye zote mbili, namba zingekuwa sawa kabisa na KKS isingeonyesha kitu kipya.

Tukirudi kwenye meza za makarani: Python kwa kawaida inaruhusu miito kama 1000 iliyopangana, na ikizidi inasimama na kuandika `RecursionError`. Funguo mbili za biti 2048 zisizo na namba tasa ya pamoja zinahitaji, kwa wastani wa hatua mbili kwa tarakimu, kama hatua 1200. Funksheni inayojiita itafia njiani. Zile zinazoshiriki namba tasa zitapita, kwa kuwa idadi ya hatua ni ile ile ambayo zingechukua namba tasa mbili zilizobaki, zenye nusu ya tarakimu. Na ndivyo ilivyokuwa kwetu: 89 na 83 zinachukua hatua nne, sawasawa na 8633 na 8051. Kwa hiyo programu yako itafaulu kwenye funguo mbovu na kuanguka kwenye nzima, jambo la ajabu kuliona kama hujui sababu yake. Unaweza kuongeza kikomo kwa `sys.setrecursionlimit`, lakini hiyo ni kuongeza meza. Kitanzi hakina kikomo hicho, kinashika namba mbili tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Si lugha zote zilivyo hivyo. Katika Scheme, funksheni ambayo jambo lake la mwisho ni kujiita yenyewe haibakizi karani mezani. Kanuni za lugha zinalazimisha nafasi ile ile itumike tena, na namna mbili zinakuwa sawa kwa kumbukumbu. Python imeamua kutofanya hivyo, ili kosa linapotokea mtu aweze kuona mlolongo mzima wa miito.

Jambo la mwisho la kuangalia ni alama ya kutoa. Ukiipa funksheni yetu 12 na -8 katika Python itarudisha -4, kwa kuwa huko baki linafuata alama ya inayogawa. Katika C linafuata alama ya inayogawanywa, na jibu linakuwa 4, ila ukiweka -12 na 8 ndipo C inatoa -4. Dawa ni moja kwa zote: rudisha thamani isiyo na alama, yaani `abs(a)`.

Kwa programu ya kazi, Python ina `math.gcd` tangu toleo la 3.5, itumie hiyo. Ukiandika ya kwako, andika kitanzi, uiweke ile inayojiita kwenye daftari la kufundishia. Kisha uijaribu kwa 8633 na 8051, kwa namba hizo hizo zikigeuzwa, kwa 12 na 18, na kwa 12 na 0. Majibu ni 97, 97, 6 na 12. Likitoka jingine, anza kukagua mstari unaobadilisha `a` na `b`.